Namba ya rangi ya Toyota naipata wapi?

"Wakuu, Toyota yangu nyeupe imekwaruzwa mlangoni, nataka kuagiza rangi ya kugusia ila sijui ni nyeupe ipi."

Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo mlango unapofungia, kuna kibati au stika, isipokuwepo fungua boneti ucheki ukuta wa nyuma ya injini. Tafuta palipoandikwa C/TR au COLOR TRIM, hapo utakuta kitu kama 040/FB11, sasa rangi ni hiyo ya kwanza tu, ya pili ni ya ndani, viti na vitambaa, watu wengi huwa wanatuma yote au wanatuma chesisi namba nusu nusu.

Kwa nyeupe kuwa makini. 040 ni nyeupe ya kawaida, unapaka na kliya juu basi. Ila ukikuta 070 hiyo ina mng'aro wa lulu, inataka tabaka tatu: nyeupe ya chini, ya lulu, halafu kliya, ukiagiza kichupa kimoja doa litaonekana tu (mimi yalinikuta, nikapangusa yote).

Na kabla hujalipa linganisha rangi ya nje na ya ndani ya fremu ya mlango, zikitofautiana ujue huenda gari lilishapigwa rangi upya na namba hiyo haitakusaidia sana.