Kopo limebadilika rangi: soma jina kabla ya kumeza

Wiki hii karibu kila ujumbe umekuja na picha ya kopo la ARV, dawa za kufubaza VVU. Nimejibu minne ambayo naona itawafaa wengi. Ombi moja kabla sijaanza: unapopiga picha kopo lako, ziba kwanza kile kibandiko chenye jina lako na namba yako ya CTC, yaani kliniki ya matibabu ya VVU. Mimi nahitaji maandishi ya kiwandani tu, na picha ikishatoka kwenye simu yako huwezi kujua itaishia wapi.

"Miezi yote nilikuwa napewa kopo lenye ukanda wa kijani. Juzi nimepewa jeupe lenye maandishi ya bluu na kidonge chenyewe kina umbo jingine. Nimeogopa kumeza. Picha zote mbili hizi hapa. Ni dawa ileile?"

Ndiyo, ni ileile. Meza leo leo.

Nimejuaje? Sikuangalia rangi. Nimesoma mstari mkubwa ulio katikati ya kopo. Picha zote mbili zinasema Dolutegravir, Lamivudine, Tenofovir Disoproxil Fumarate, na chini yake 50 mg/300 mg/300 mg. Hiyo ndiyo dawa ambayo muuguzi wako anaiita TLD. Herufi zinachanganya kidogo, kwa sababu kwenye kopo majina hupangwa kwa alfabeti, hivyo D hutangulia na T huja mwisho. Namba nazo hufuata mpangilio huohuo: 50 ni ya dolutegravir, 300 ya kwanza ni ya lamivudine, na 300 ya mwisho ni ya tenofovir. Kwenye kadi yako huenda imeandikwa TDF+3TC+DTG. Ni dawa hizohizo tatu, zimefupishwa tu.

Rangi hubadilika kwa sababu TLD hutengenezwa na viwanda vingi. Vingi viko India, na sasa hata jirani zetu wanaitengeneza: kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu, Kenya, kilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani kwa dawa hii mwaka 2023. Kila kiwanda kina kopo lake, umbo lake la kidonge na alama yake ya kuchonga. Mzigo unaoingia bohari mwezi huu unaweza usiwe wa kiwanda cha mwezi uliopita.

Jina ambalo lingenifanya nikuzuie ni hili: Efavirenz. Kopo lake nalo lina majina matatu, na mawili ya mwisho ni yaleyale, Lamivudine na Tenofovir. Kwa haraka haraka mtu anaona yanafanana. Tofauti iko kwenye neno la kwanza na namba ya kwanza: efavirenz ni 600 mg, au 400 mg kwenye matoleo ya baadaye. Hiyo ni TLE, ambayo wengi wetu tulikuwa nayo kabla ya TLD. Ukiikuta ndani kwenye droo la zamani, usiimeze kwa sababu tu TLD imeisha. Irudishe kituoni.

"Mimi nina VVU, mume wangu hana. Naye ameanza kupewa vidonge kliniki. Kopo lake limeandikwa Emtricitabine/Tenofovir Disoproxil Fumarate 200 mg/300 mg. Langu likiisha kabla ya tarehe, naweza kuazima lake siku chache?"

Hapana, dada. Hesabu majina: la kwako lina matatu, la kwake lina mawili.

Kopo lake ni la PrEP, dawa ya kumkinga mtu ambaye hana virusi. Dawa mbili zinamtosha kwa sababu kazi yake ni kuzuia virusi wachache wasipate pa kuanzia. Kwako wewe virusi tayari wamo mwilini, wamelala ndani ya seli, na dawa mbili hizo pekee haziwezi kuwabana kwa uhakika. Ukimeza zile mbili siku kadhaa, unawapa nafasi ya kuzizoea. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana tenofovir imo pia kwenye TLD yako, na emtricitabine ni ndugu wa damu wa lamivudine. Virusi akishakuwa sugu kwa mmoja wao, na mwingine anakuwa hamwezi. Kwa hiyo kuazima kopo la mumeo kungeweza kuharibu kopo lako mwenyewe. Naye huku angebaki bila kinga.

Likielekea kuisha, nenda kliniki kabla ya tarehe yako. Hakuna anayepaswa kukufukuza kwa sababu umewahi.

"Nimegundulika TB mwezi huu. CTC wamenipa TLD kama kawaida halafu wakanipa na kopo jingine dogo, Dolutegravir 50 mg. Nikaona dolutegravir tayari imo kwenye TLD, nikadhani wamekosea. Sijagusa lile la pili kwa siku kumi na moja."

Hawakukosea. Anza lile la pili leo, kisha kesho asubuhi nenda ukawaambie umeruka siku kumi na moja. Usiwafiche, kwa sababu watataka kukufuatilia kwa kipimo.

Umesoma kopo vizuri kweli, na wengi wasingeona kwamba jina linajirudia. Sababu ya kujirudia iko kwenye dawa za TB. Ndani yake mna rifampicin, ambayo huamsha ini lifanye kazi kuliko kawaida. Ini hilo huivunja dolutegravir upesi sana, kiasi kwamba kidonge kimoja hakikufikishi kesho. Ndiyo maana unaongezewa kidonge cha pili: TLD kwa mfano saa 2 asubuhi, na dolutegravir 50 mg peke yake saa 2 usiku, zikiachana saa 12. Utaendelea hivyo mpaka TB imalizike, na kwa kuwa nguvu ya rifampicin haiishi siku ileile unapoiacha, kidonge cha usiku huendelea wiki mbili zaidi. Usikiache mwenyewe siku ya kumaliza TB. Subiri wakwambie.

Kama umeandikiwa pia vidonge vya kuongeza damu, au unatumia dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu, waulize vikae saa ngapi. Vikikutana tumboni na dolutegravir huishika isipite kwenda kwenye damu. Kwa kawaida dolutegravir humezwa saa mbili kabla yake au saa sita baadaye.

"Naendesha lori Dar kwenda Tunduma. Jumapili nimemeza saa 3 usiku kama kawaida, Jumatatu alfajiri nikaondoka, kopo nikalisahau nyumbani. Nimerudi Alhamisi jioni. Ni siku tatu tu, na najisikia mzima kabisa. Nimeze vinne nifidie?"

Meza kimoja, saa yako ya kawaida, leo Alhamisi. Vinne havifidii chochote. Virusi waliozaliana Jumanne hawarudi nyuma kwa kidonge cha Alhamisi, na figo zako ndizo zitakazobeba mzigo wa tenofovir ya ziada.

Nataka nikuonyeshe kilichotokea mwilini ulipokuwa barabarani, kwa sababu hilo neno "tu" ndilo linalonitisha. Dolutegravir kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa 14 hivi. Twende na safari yako. Jumatatu saa 3 usiku, muda wa kidonge ulichokosa cha kwanza, ilikuwa imebaki kama theluthi. Hapo bado uko salama, maana dawa hii imeundwa kukufikisha hapo na kukuachia akiba. Jumanne usiku ilibaki chini kidogo ya sehemu moja ya kumi. Jumatano usiku, kama sehemu moja ya thelathini na tano. Leo usiku, kabla hujameza, ni chini ya sehemu moja ya mia.

Tenofovir hukaa ndani ya seli siku kadhaa, kwa hiyo haikukutupa mara moja. Lamivudine huondoka mapema kuliko yeye. Maana yake ni kwamba zile dawa tatu hazikuondoka pamoja. Kuna kipindi, kuanzia Jumatano hivi, ambacho virusi walikuwa wanakutana na dawa dhaifu badala ya dawa tatu zenye nguvu. Kirusi anapojinakili hukosea mara nyingi, na dawa ikiwa kali makosa hayo hufa naye. Dawa ikiwa hafifu, nakala moja yenye kosa linaloifaa inaweza kupona na kuzaa wenzake. Kwa lamivudine, kosa moja tu linatosha kuleta usugu.

Enzi za TLE hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu efavirenz hukaa kwenye damu muda mrefu kuliko wenzake. Mtu akikatisha, ilibaki peke yake siku nyingi ikipambana, nayo pia huzidiwa kwa kosa moja. Dolutegravir ni ngumu zaidi kuzoeleka. Ndiyo sababu nakwambia kwa uhakika kiasi kwamba safari moja ya namna hii huenda isikuharibie kitu. Lakini wewe huendi Tunduma mara moja kwa mwaka.

Kujisikia mzima hakukuambii lolote. Virusi wanaweza kupanda miezi mingi kabla mwili haujalalamika. Kinachosema ni kipimo cha wingi wa virusi, HVL. Chini ya nakala 50 kwa mililita ndiko tunakotaka uwe. Ikizidi 1,000, utaitwa kwa ushauri wa ufuasi na kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Ukienda tarehe yako, mwambie mtoa dawa ulikosa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kwa siku hizohizo. Anayesema "nimemeza zote" halafu HVL ikapanda, atafanya wataalamu wafikirie dawa imeshindwa, kumbe dawa haikumezwa.

Siku nyingine ukikumbuka umechelewa saa chache, meza palepale. Isipokuwa kama zimebaki saa nne au pungufu kufika kidonge kinachofuata: hapo ruka, usubiri hicho.

Na kuhusu safari: wapo madereva wanaoniambia hawabebi kopo kwa sababu vidonge vinapiga kelele kwenye begi na tingo anasikia. Naelewa. Pima vidonge vya safari na viwili vitatu vya ziada, uviweke kwenye kikopo kikavu kinachofunga vizuri, pamba kidogo juu visicheze. Visikae kwenye dashibodi juani, dawa hii inataka chini ya nyuzi 30. Vilivyobaki viache kwenye kopo lake pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, usikitupe. Halafu piga picha ya kopo upande wenye majina matatu, na ya ukurasa wa kadi unaoonyesha dawa yako, uzitunze kwenye simu iliyofungwa kwa namba ya siri. Ukikwama Mbeya bila kidonge, ingia kituo chochote chenye CTC uwaonyeshe picha hizo. Mtoa dawa akishaona majina na miligramu, hana haja ya kubahatisha unatumia nini.