Picha zimelingana, mbona ukurasa umeegemea?

*Shikamoo mwalimu. Natengeneza gazeti la jamii hapa Tukuyu, linatoka mara moja kwa mwezi, ukurasa wake ni A3. Nimekuambatishia ukurasa wa mbele wa toleo lijalo. Picha mbili nimezipanga sambamba, kila moja milimita 130 kwa 90, zimelingana kabisa, lakini kila anayeutazama anasema umeegemea kushoto. Fundi wa stesheneri ananishauri nikuze jina la gazeti na niweke rangi nyuma ya habari kuu. Nimfuate?*

Marahaba. Usimfuate. Rangi nyuma ya habari kuu itakuongezea uzito mwingine wakati huu uliopo bado haujapangwa. Na jina la gazeti lako tayari linakula milimita 90 za juu, karibu robo ya nafasi yote uliyonayo.

Kinachokusumbua ni imani ninayokutana nayo karibu kila wiki, kwamba ukurasa husawazishwa kwa rula. Picha mbili zenye vipimo sawa si lazima ziwe na uzito sawa. Jicho halihesabu upana na urefu. Linavutwa na weusi, na mgongano wa weusi na weupe, na nyuso za watu, na rangi iliyokolea. Sasa tazama ulichokipanga. Picha ya kushoto, ile ya kikao, imejaa watu wenye suti nyeusi mbele ya ukuta mweupe. Ya kulia ni kreti za maparachichi juani, na anga limechukua karibu nusu ya picha. Halafu chini ya kikao, upande uleule, umeweka tangazo lenye maandishi meupe juu ya weusi mtupu. Kushoto kote ni kuzito toka juu hadi chini, na kulia limebaki anga na maandishi. Wanaokwambia umeegemea wanaona sawasawa.

Ukitaka kulithibitisha bila kubishana na mtu, fungua kila picha kwenye GIMP, iondolee rangi kwa `Colors > Desaturate > Desaturate`, kisha nenda `Colors > Info > Histogram` usome namba iliyoandikwa `Mean`. Sifuri ni weusi mtupu, 255 ni weupe mtupu. Kikao chako kinatoa 80, maparachichi 160. Toa namba hiyo kwenye 255, gawanya kwa 255, zidisha kwa eneo la picha:

```
kikao:         130 x 90 x (255 - 80)  / 255 = 8,029
maparachichi:  130 x 90 x (255 - 160) / 255 = 4,359
```

Moja inakaribia kuwa nzito mara mbili ya mwenzake, na rula haikukwambia. Hesabu hii ni ya makadirio tu. Haijui uso wa mtu wala shati jekundu, na vyote viwili huvuta jicho kuliko namba inavyoonyesha. Lakini inatosha kukutoa kwenye usawa wa rula.

Dawa yake si kutafuta picha mbili zenye weusi sawa. Ukurasa wa mbele wenye picha mbili zinazolingana hauna picha kuu, na msomaji anayepita stendi hajui aanze wapi. Picha moja itawale, iwe na eneo angalau mara mbili ya inayofuata. Ipi itawale? Inayobeba habari kuu. Habari yako kuu ni maparachichi, kwa hiyo suala limekwisha, hata kama waliokaa kwenye kile kikao ni wakubwa na watauliza kwa nini picha yao ni ndogo. Bahati nzuri maparachichi ndiyo picha nyepesi, kwa hiyo inaweza kukuzwa bila kuuelemea ukurasa.

Tuupange upya. A3 ni milimita 297 kwa 420. Acha pambizo za milimita 13.5 kushoto na kulia, 15 juu na chini. Gawa upana uliobaki, milimita 270, katika safu tano za milimita 50, na kati ya safu na safu acha milimita 5. Jina la gazeti lipewe milimita 45, pamoja na mstari wa tarehe, namba ya toleo na bei. Linatosha. Mtu akilinunua mara mbili atalitambua kwa umbo la herufi zake na mahali linapokaa, ndiyo maana halibadilishwi fonti wala rangi kila toleo kama ulivyokuwa ukifanya.

Chini yake ruka milimita 5, kisha weka kichwa cha habari kuu kwa pointi 54, mstari mmoja unaovuka safu zote tano. Kwa herufi nene za kawaida mstari huo unabeba herufi kama 28, kwa hiyo kichwa chako chenye maneno kumi na moja lazima kikatwe. «Maparachichi yaozea shambani» kinaingia. Sasa hivi kichwa chako kikuu ni pointi 36 na cha pili ni 32, kwa hiyo vinagombana. Cha pili kishushe hadi 30, cha tatu 20.

Picha ya maparachichi ikae safu ya kwanza hadi ya tatu, yaani milimita 160 kwa 107, na maelezo ya picha chini yake. Jumlisha kutoka ukingo wa juu wa karatasi: pambizo, jina, kichwa, picha na maelezo yake vinaishia kama milimita 206. Gazeti lako linakunjwa katikati, milimita 210. Kwa hiyo likilala mezani limekunjwa, muuzaji anaonyesha jina, kichwa na picha nzima, na mkunjo haumpiti mtu usoni. Safu ya nne na ya tano, pembeni ya picha, zinabeba mwanzo wa habari yenyewe, maneno kama 290 kwa herufi za pointi 9.5 juu ya mistari ya pointi 11. Inayobaki ipeleke ukurasa wa 3.

Chini ya mkunjo, habari ya kikao ichukue safu ya tatu hadi ya tano, na picha yake ikae safu ya nne na ya tano, milimita 105 kwa 70. Safu mbili za kushoto ziwe za habari ya tatu na kisanduku kidogo cha yaliyomo. Tangazo lilale chini kabisa kama ukanda wa milimita 40 unaovuka ukurasa wote, na mwombe mwenye tangazo akubali maandishi meusi juu ya weupe ndani ya mstari wa mpaka. Akikataa, ukanda mweusi unaovuka kote angalau utakuwa sakafu ya ukurasa, hautavuta upande mmoja. Rudia hesabu:

```
maparachichi:  160 x 107 x (255 - 160) / 255 = 6,378
kikao:         105 x 70  x (255 - 80)  / 255 = 5,044
```

Bado hazilingani, na hazitakiwi kulingana. Maparachichi yako juu kushoto, kikao kimesogea chini hadi ukingo wa kulia. Umeona mizani ya rula pale wanaponunua mazao: jiwe dogo likisogezwa mbali na kitovu linabeba gunia. Picha ndogo nyeusi iliyosogezwa pembeni inafanya kazi hiyohiyo dhidi ya picha kubwa nyepesi. Angalia pia watu wa kikaoni wanatazama wapi. Wakitazama nje ya ukurasa, jicho la msomaji linatoka nao. Hapo chagua picha nyingine ya kikao hichohicho, au ihamishie upande wa pili pamoja na habari yake, na maparachichi yaende kulia. Usiigeuze kama kioo. Bango la ukutani litasomeka kinyumenyume, vifungo vya makoti vitahama upande, na utakuwa umewaonyesha wasomaji tukio ambalo halikuwa hivyo.

Kabla ya kupeleka mtamboni, chapa ukurasa kwenye A5 bila rangi, ugeuze kichwa chini, utazame ukiwa umekaribia kufumba macho. Maneno hayasomeki tena, yanabaki mabaka ya weusi na kijivu. Baka likikuvuta upande mmoja, hapo ndipo pa kurekebisha. Na kumbuka karatasi ya gazeti hunywa wino, kila doa hutanuka kidogo, kwa hiyo picha nyeusi hutoka nyeusi zaidi ya ulivyoiona kwenye kompyuta. Zile suti zitakuwa doa moja. Ziangaze kwenye `Colors > Levels` kwa kupandisha namba ya katikati kutoka 1.00 hadi kama 1.20, huku ukilinda ukuta mweupe usipotee.

Kuna uzito mmoja ambao watu hawauhesabu kabisa, nao ni kijivu cha maandishi. Hapa ndipo violezo vya bure vya mtandaoni vinapowaumiza wahariri wengi, kuanzia Mbeya hadi Makambako. Vingi vimetengenezwa kwa lugha yenye maneno mafupi, safu nyembamba, maandishi yamenyooshwa pande zote mbili. Ukimwaga humo maneno kama «wanaojishughulisha» na «yaliyosababishwa», programu inashindwa kujaza mstari, inatanua nafasi, na mito ya weupe inateremka katikati ya safu. Safu hiyo inapauka, jirani yake inabaki nzito, na ukurasa unayumba hata kama picha ziko sawa. Mbaya zaidi, lugha ya maandishi ikiwa imewekwa Kiingereza, programu inakata maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza na kukuachia «wanaoj-» mwisho wa mstari. Nyoosha upande wa kushoto tu, kulia paachwe paishie panapoishia. Ukilazimika kukata neno, kata baada ya irabu.

Mafundi wa haraka wanajua mambo mawili, kujaza na kuvuta. Nafasi ikibaki, wanaijaza kivuli, nyota au rangi inayofifia. Picha isipoenea, wanaivuta upande mmoja hadi mkulima anakuwa na kichwa cha boga. Picha haivutwi, inakatwa: ishike kwenye pembe ikue kwa uwiano wake, kisha kata kinachozidi. Na ukimlipa mtu akupangie, dai faili la wazi la Scribus au InDesign pamoja na PDF yenye fonti ndani. Akikukabidhi ukurasa mzima kama JPG, usipokee. Maandishi yote yamekwisha kuwa picha, hutaweza kusahihisha hata herufi moja, na kwenye karatasi ya gazeti maandishi ya pointi 9.5 yatatoka na kingo zilizochakaa kabla hata gazeti halijafika Kyela.