Usiweke 10 kΩ kwenye waya wa USB-A kwenda USB-C

> Wakuu, nasoma elektroniki. Natengeneza waya, upande mmoja USB-A, mwingine USB-C. Nimeambiwa nikiweka rezista ya 10 kΩ kwenye plagi, chaja itajua waya unabeba ampea 3 na simu itajaa haraka. Ni sahihi?

Weka chini hiyo pasi ya risasi kwanza. 10 kΩ hapana. Ni 56 kΩ, na hakuna mjadala.

Aliyekuambia chaja inasoma hiyo rezista amekudanganya, kama nilivyodanganywa mimi na jamaa wa video aliyejiita fundi. Chaja ya USB-A haina pini ya CC, ile ambayo USB-C hutumia kutangaza mkondo, itasoma kwa macho gani? Anayesoma ni kifaa kinachochajiwa. Ndani yake kuna rezista ya 5.1 kΩ kutoka CC kwenda GND. Yako wewe inakaa ndani ya plagi ya C, kati ya VBUS, yaani laini ya volti 5, na CC. Zikiungana zinagawana zile volti 5, na kifaa kinapima kilichobaki kwenye CC:

```
CC = 5 V × 5.1 / (R + 5.1)

R = 56 kΩ  ->  0.42 V   mkondo wa kawaida wa USB
R = 22 kΩ  ->  0.94 V   1.5 A
R = 10 kΩ  ->  1.69 V   3 A
```

Sasa ona ubaya ulipo. Hiyo volti haisemi lolote kuhusu unene wa waya wako. Ni ahadi kwamba tundu la upande wa pili lina uwezo wa kutoa mkondo huo. Waya wako ni mshenga, anaahidi mahari kwa niaba ya mtu asiyemjua. Leo utachomekwa kwenye chaja nzito, kesho kwenye tundu la kompyuta ambalo kwa USB 2.0 linawajibika kutoa 500 mA tu, au 900 mA kwa USB 3.0. Kwa kuwa waya hauwezi kujua uko wapi, lazima uahidi kile cha chini kabisa.

Mimi niliweka 10 kΩ. Nilijaribu kwenye chaja kubwa ya ukutani, mambo safi, nikatembea kifua mbele. Kumbe pale uongo ulikutana tu na chaja yenye uwezo. Halafu nikauchomeka kwenye laptopu, upande wa pili kukiwa na bodi yangu ya kuchaji betri. Bodi ikasoma 1.69 V kwenye CC, ikaamini, ikavuta kuelekea ampea 3. VBUS ikashuka chini ya volti 4.5, plagi ya A ikawa ya moto hadi sikuweza kuishika, na tundu likafa. Halijafufuka mpaka leo, nimelipachika jina la tundu la kumbukumbu. Simu nyingi zingeona volti zinashuka zikapunguza kuvuta, ila bodi yangu haikuwa na adabu hiyo, nami ndiye niliyeisanifu, basi tuachane na hapo. Tundu lenye ulinzi mzuri nalo lingejizima lenyewe. Langu halikuwa nao, na la rafiki yako atakayeazima waya huwezi kulijua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule jamaa alisema 56 kΩ "inafunga" simu ichaji polepole. Si kweli! 56 kΩ inakiambia kifaa: mimi sikuahidi kitu, jiulizie mwenyewe. Kifaa kinachojua kazi yake kinageukia nyaya za data, D+ na D−, na kikikuta chaja maalumu iliyoziunganisha kinaweza kuvuta hadi ampea 1.5. Yaani chaja inajisemea yenyewe. Ahadi ya ampea 3 kwenye CC iachiwe chaja yenye tundu la C. Ile ina rezista zake ndani, na waya wa C kwenda C unapitisha CC moja kwa moja bila kuongeza la kwake. Hata zile nyaya za ampea 5 hazitegemei rezista hizi, zina chipu ndani ya plagi.

Kabla hujafunga plagi, na ukinunua waya wa bei ya kutupa pia, pima. Waya usichomekwe kwenye chaja wala kompyuta. Chomeka upande wa C kwenye kibao kidogo cha saketi chenye tundu la C lililotolewa pini zote, weka mita kwenye omu, kati ya VBUS na CC1. Ikionyesha wazi, nenda CC2, kwa sababu plagi ya waya huu ina pini moja tu ya CC iliyounganishwa, na upande inakoangukia unategemea umeichomekaje. Ukiona karibu na 56 kΩ, funga plagi uendelee. Ukiona 10 kΩ, au 22 kΩ, ikate hiyo plagi kabla mtu hajauazima.