Kujibu maoni makali ya mgeni

“Nina fleti Paje. Mgeni kanipa nyota mbili: maji ya chumvi, umeme ulikatika usiku, mwenyeji hajali. Nimjibu vipi? Na wanaosifu niwajibu?”

Dada, usijibu ukiwa na hasira. Airbnb inakupa siku 30, na jibu likishatoka hulirekebishi. Liandike pembeni, ulisome tena kesho yake.

Msomaji wako hasa ni mgeni ajaye, anayetaka kujua kama tatizo bado lipo. Chumvi ya kisima cha karibu na pwani huwezi kuikana. Umeme kukatika si kosa lako, lakini mgeni kukaa gizani ni jambo lako. Neno “hajali” usibishane nalo kabisa, onesha ulichofanya:

“Ahsante kwa kutueleza, na pole kwa usiku ule wa giza. Maji yetu ya kuogea hutoka kisima cha karibu na bahari, yana chumvi kidogo; sasa tumelieleza hilo kwenye tangazo. Kila chumba kimewekwa taa ya kuchaji.”

Andika hivyo ikiwa taa zimeshawekwa kweli, maana ahadi isiyotimizwa huzaa maoni mabaya zaidi. Kama ulimrudishia pesa, usitaje, wengine watadai vilevile. Na kama alivunja glasi, hilo pia liache.

Wanaosifu wajibu kwa sentensi mbili, ukitaja kitu walichokisifu: mkate wa ufuta, au baraza. Usinakili jibu moja kwa wote. Maoni hupangwa pamoja, na unakili huonekana mara moja.