Bajeti ya gemu: benki inakuonyesha nusu tu ya hesabu

Mtu akiniuliza gemu zinanila kiasi gani kwa mwezi, huwa sifungui taarifa ya benki. Haisemi uongo, ila haisemi yote. Usajili niliolipia mwaka mzima hauonekani miezi 11. Konsoli ilinunuliwa zamani, sasa iko kimya. Na nikinunua kitu kwa salio la pochi ya akaunti, benki haina habari nacho.

Kwa hiyo nina laha moja yenye safu tatu: usajili, manunuzi madogo na vifaa. Kila safu ina kanuni yake, maana hela hizi hazitoki kwa mwendo mmoja.

Usajili ni rahisi. Wa mwezi unaandikwa ulivyo, wa mwaka unagawanywa kwa 12. Pembeni naandika tarehe ya kujirudia na kuweka ukumbusho wiki moja kabla, kwa sababu wa mwaka ndio unaokata hela nyingi siku ambayo hukuitarajia.

Manunuzi madogo ndiyo yenye vurugu, na hapa kanuni yangu ni moja: hela imetumika pale inapoingia kwenye pochi au inapogeuka sarafu ya gemu, si pale unapochukua skini, yaani mwonekano mpya wa mhusika. Chukua mfano wa skini ya sarafu 1,200, wakati duka linauza mafungu ya 1,000 na ya 2,500 tu. Ukinunua la 2,500, skini itachukua 1,200, na zitabaki 1,300 ambazo haziwezi kurudi kuwa hela. Ukiandika bei ya skini peke yake, zaidi ya nusu ya ulicholipa imetoweka kwenye hesabu. Mafungu hayo hayakupangwa hivyo kwa bahati mbaya: salio lililobaki ndilo linalokurudisha dukani.

Kanuni hiyohiyo inazuia kuhesabu mara mbili. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, ukifungua `Account details` kisha `View purchase history`, utaona kujaza pochi kumeandikwa, na gemu ulilonunua kwa salio hilo limeandikwa pia. Ukijumlisha mistari yote, hela moja imehesabiwa mara mbili. Angalia safu ya `Wallet Change`: malipo yaliyopunguza pochi unayaruka, unahesabu tu yaliyotoka kwenye kadi au benki. PlayStation nayo ina `Transaction History`, na iPhone unaweza kuingia reportaproblem.apple.com ukaona orodha ya ulivyonunua.

Marejesho nayo yana ujanja wake. Steam kwa kawaida hurudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Lakini zikirudi kwenye pochi ya Steam badala ya kadi, kwangu hazijarudi. Sipunguzi kitu kwenye laha. Nitakachonunua nazo baadaye ndicho nitakiandika sifuri.

Vifaa ndivyo wengi huviacha nje kabisa, wakisema konsoli ni ununuzi wa mara moja. Mimi nagawanya bei kwa miezi ninayotarajia kifaa kidumu, kisha kiasi hicho nakiweka akiba kila mwezi hata kama kifaa nilishakilipia. Akiba hiyo ndiyo itakayonunua kitakachofuata.

Tuweke namba, bila kutaja sarafu ya nchi yoyote. Usajili wa kucheza mtandaoni ni 120 kwa mwaka, yaani 10 kwa mwezi. Usajili wa maktaba ya gemu ni 15 kwa mwezi. Mwezi huu nimenunua sarafu za gemu mara tatu: 10, 10 na 5, jumla 25. Konsoli ilikuwa 480 na natarajia miaka mitano, hivyo ni 8 kwa mwezi. Pedi ya ziada ya kuchezea ilikuwa 60 na spika za masikioni 60, kila kimoja miaka miwili, hivyo ni 2.5 na 2.5. Vifaa jumla 13.

Benki mwezi huu inaonyesha 40, yaani ile 15 na ile 25. Laha inasema 63. Hiyo tofauti ya 23 ndiyo inayokuja kwa kishindo siku pedi inapoharibika na usajili wa mwaka ukajirudia wiki hiyohiyo.

Kuhusu pedi, usijidanganye na miaka miwili. Fimbo ikianza kusogea yenyewe wakati hujaigusa (mhusika anatembea ukiwa umeweka pedi mezani), muda umeisha. Ikitokea mwezi wa 14, akiba ina 35 na pedi mpya ni 60. Basi rekebisha: 60 gawa kwa 14 ni kama 4.3 kwa mwezi. Baada ya kifaa cha pili utakuwa na namba inayotokana na mikono yako mwenyewe, maana kuna watu wanaobana fimbo kama wanakamua chungwa.

Sasa kikomo. Andika miezi mitatu kwanza bila kujibana, upate wastani wa kweli. Ukipanga kabla ya hapo utaandika namba ya kujipendeza. Tuseme wastani ni hiyo 63 na umeamua usivuke 55. Usianze kukata kila mahali. Ondoa kwanza vilivyokwisha kujifunga: usajili 25 na vifaa 13, jumla 38. Imebaki 17, na hiyo ndiyo ya sarafu, skini na gemu mpya vyote pamoja.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kusema. Gemu mpya ya 60 itachukua karibu miezi minne ya hiyo 17, bila skini hata moja. Lakini ukisimamisha usajili wa maktaba, una 32 kwa mwezi, na gemu inapatikana ndani ya miezi miwili. Ndiyo maana mimi maktaba siishiki mwaka mzima. Nikiwa na gemu ndefu ninayoicheza, nazima kujirudia kwa usajili. Kwa kawaida unaendelea kuutumia hadi muda uliolipia uishe, kisha gemu za maktaba zinafungwa mpaka ujiunge tena. Swali ninalojiuliza ni dogo tu: mwezi uliopita nilifungua gemu ipi kutoka humo? Nikikosa jibu la haraka, nazima.

Kuilinda ile 17, nimetoa kadi kwenye akaunti za gemu na najaza pochi mara moja kwa mwezi. Google Play inakuruhusu kuweka bajeti ya mwezi, lakini fahamu kwamba inakuonya tu, haizuii ununuzi. Kadi isiyokuwepo ndiyo inayozuia. Pochi nayo isijazwe kupita kiasi kwa sababu ya ofa, kwani kwa kanuni yetu salio lote limeshahesabiwa kuwa limetumika.

Mwezi ukiisha na kitu kimebaki kwenye 17, nakihamisha kwenye akiba ya gemu mpya. Nikivuka, mwezi unaofuata unaanza na pungufu hilohilo. Laha yenyewe haihitaji zaidi ya tarehe, kitu, kiasi, safu na njia ya malipo, na naijaza siku ileile risiti inapoingia kwenye barua pepe, kwa sababu malipo ya 5 hayakumbukwi na mtu yeyote kufikia Jumapili.