Faili la stoo: jinsi ya kuwauzia watazamaji wa chaneli yako ya Google Sheets

Kama unafundisha Google Sheets kwenye YouTube na unataka kuanza kuuza, usikimbilie kurekodi kozi. Pitia komenti za video zako na utafute ombi moja: "naomba hilo faili". Video yenye maombi hayo ndiyo yenye wateja, hata kama watazamaji wake ni wachache kuliko wa ile iliyovuma. Anayeomba faili ana duka, na jioni anatakiwa kufunga hesabu.

Tuseme video hiyo inaonyesha kufuatilia bidhaa zilizobaki, kwa kurasa tatu: Bidhaa, Manunuzi na Mauzo. Fundisha kila kitu bila kuficha, hata fomula yenyewe:

```
=SUMIFS(Manunuzi!C:C,Manunuzi!B:B,A2)-SUMIFS(Mauzo!C:C,Mauzo!B:B,A2)
```

Usihofu kwamba umeitoa bure. Anayelipa anataka faili lisiloharibika mikononi mwa kijana wake wa dukani. Fomula hii hulinganisha majina, kwa hiyo "Sukari 1kg" kwenye Manunuzi na "Sukari kg 1" kwenye Mauzo zinahesabika kuwa bidhaa mbili, na faili litasema sukari ipo wakati rafu ni tupu. Malalamiko mengi ya "hesabu haziingii" chanzo chake ni hicho. Katika faili la kuuza, weka orodha ya kuchagua jina badala ya kuliandika. Seli zenye fomula ziwekee onyo kabla ya kubadilishwa. Kufuli la kawaida halisaidii, kwani mnunuzi akishapata nakala yake yeye ndiye mmiliki.

Wapya wengi hukwama kwenye kukabidhi. Linki yenye ruhusa ya Editor itamfanya mnunuzi wa kwanza aandike mauzo yake kwenye faili la wote. Ukiiacha Restricted, kila aliyelipa atalazimika kukuomba ruhusa, nawe pengine umelala. Chagua "Anyone with the link" na "Viewer", kisha kwenye linki futa kuanzia /edit hadi mwisho, uandike /copy. Akiibofya, ataulizwa kama anataka kutengeneza nakala, nayo itakaa kwenye akaunti yake.

Linki hiyo anaweza kumpitishia mwenzake, na hakuna namna ya kuzuia hilo kabisa. Mimi naona ni bora kumpa aliyelipa kitu kisichopitishika, yaani msaada wako kwa WhatsApp pale anapokwama.

Faili litaje pale fomula inapotoa jibu kwenye video, sio mwanzoni kabla mtu hajaona faida yake. Linki ya malipo iwe mstari wa kwanza wa maelezo, kwa sababu mingine hujificha mpaka mtu aifungue, na uibandike pia juu ya komenti. Kabla ya kutangaza, fungua linki ya nakala kwa simu ya bei nafuu na akaunti isiyo yako, uandike mauzo ya siku nzima humo.