Msimwandike msimamizi kuwa mpokeaji pekee wa malalamiko

"Rasimu yetu ya sera ya kuzuia unyanyasaji kazini inasema: 'Mlalamikaji atawasilisha malalamiko kwa maandishi kwa msimamizi wake.' Je, lugha inaeleweka? Iwe na kurasa ngapi, na isainiwe na nani?"

Lugha inaeleweka vizuri sana, na ndiyo hatari yenyewe. Ifuteni sentensi hiyo kabla mtu yeyote hajaisaini. Sisi tuliiweka hivyohivyo, kwa ushauri wa mtaalamu tuliyemlipa abadilishe jina la kampuni kwenye waraka wa watu wengine, na hata hilo akalisahau katika ukurasa wa mwisho.

Karani mmoja wa stoo alikuwa akitumiwa na msimamizi wake ujumbe wa kimapenzi usiku, na alipomkataa akaanza kupangiwa zamu mbaya mfululizo. Sera yetu ilimtaka apeleke malalamiko, kwa maandishi, kwa mtu yuleyule. Alipomweleza ofisa utumishi kwa mdomo, alijibiwa kwamba hajafuata utaratibu. Akaacha kazi. Mshauri wetu, Mungu amzidishie ujasiri, alituambia baadaye kwamba kutokuwapo kwa malalamiko kwenye faili kunaonyesha sera inafanya kazi.

Kwa hiyo watajeni, kwa vyeo, wapokeaji wasiopungua wawili ambao mmoja hayuko chini ya mwingine, na mlalamikaji achague mwenyewe. Andikeni hivi: "Unaweza kumweleza ofisa utumishi au mjumbe wa kamati ya malalamiko, kwa mdomo au kwa maandishi. Huhitaji kumwambia kwanza msimamizi wako." Anayeeleza kwa mdomo aandikiwe maelezo yake na mpokeaji, asomewe, ayarekebishe, kisha apewe nakala. Mkiwa wachache kiasi kwamba kila mtu yuko chini ya bosi mmoja, mpokeaji wa pili atoke kwenye bodi au nje kabisa.

Yanayofuata yaandikwe kwa mpangilio huohuo wa wazi: mlalamikaji apate uthibitisho wa maandishi, tuseme ndani ya siku 2 za kazi, uchunguzi ufanywe na mtu asiye wa idara husika, mtuhumiwa aelezwe tuhuma na apewe nafasi ya kujibu, na wote wawili wajulishwe matokeo. Ikibidi kuwatenganisha wakati wa uchunguzi, asihamishwe mlalamikaji isipokuwa ameomba mwenyewe, kwa sababu wenzake wataona kwamba aliyesema ndiye aliyeadhibiwa. Wala msiahidi siri kamili, kwani mtuhumiwa hawezi kujibu asichokijua. Semeni kwamba wataelezwa wale tu wanaohitajika katika uchunguzi.

Kulipiza kisasi kuwe kosa linalojitegemea, linaloadhibiwa hata kama tuhuma ya kwanza haikuthibitika, ilimradi mlalamikaji alisema kwa nia njema. Na kwa kuwa kisasi hakiji kwa barua, ofisa utumishi apitie ratiba za zamu, likizo na tathmini za mlalamikaji kwa miezi kadhaa baada ya shauri kufungwa. Zamu za yule karani zilikuwa zimebandikwa ukutani, na sote tulizipita kila asubuhi.